Vikombe Havikutoka

Alhamisi, Agosti

Lakini mimi niliuliza habari ya kazi tu! Jirani yangu Kerubo alitoa karata zake za taroti, za kupigia ramli, anazoficha chini ya kapu la majani chai watu wa kanisa wasizione. Akapanga saba: sarafu nne za kazi na mali, panga mbili za mawazo, fimbo moja ya bidii. Vikombe, ambavyo ni moyo na watu wetu, hakuna hata kimoja.

"Kwani mapenzi yameisha?" nikamuuliza kwa hasira.

"Hapana. Huo ni upande ambao hujauangalia."

Nyumbani mume wangu alikuwa ameniwekea mboga ya chinsaga kwa maziwa, kama kila siku. Leo nikamwona akijishika mgongo alipoinama, nikamuuliza unamuuma tangu lini.

"Tangu Machi," akasema, akanisogezea kiti.