Beti ya Mwisho Ina Mwenyewe

Shiraz, 11 Aban 1352 (2 Novemba 1973)

Mahlagha, wameiba ghazali yako! Mchana kweupe, mbele ya watu arobaini!

Haya, salamu sasa. Hujambo mwanangu? Baridi ya Tabriz haijakuumiza kifua? Mimi mzima, ila hasira imenipandisha presha.

Jana Alhamisi nilikwenda kwenye baraza la washairi kumpelekea mke wa Bwana Dabiri jamu ya matufaha. Nikaketi nyuma na wanawake. Mara mwenyekiti mwenyewe, Bwana Dabiri, akakohoa, akasema, “Ghazali yangu mpya.” Akaanza:

*Umechukua viatu, nyayo zimebaki ndani, mlango u wazi;
Kila upepo ukija, nauliza: kuna nani? Mlango u wazi.*

Chai ilinimwagikia mapajani. Si ile uliyomtumia kiangazi akushauri, asijibu hata neno? Si maneno yangu mimi, tangu kaka yako Bahman alipogombana na marehemu baba yako akaondoka? Miaka saba nalala na mlango wa ua bila komeo!

Niliishia darasa la nne, lakini hilo nalijua. Nijibu upesi.

Mama yako

*

Tabriz, 20 Aban

Mama mpenzi, shikamoo. Kifua kizima, ila tangu barua yako silali. Natembea chumbani nikimtukana mtu aliye mbali.

Kwanza niambie: watu waliitikia? Ghazali hufanywa hivyo, Mama. Beti ya kwanza, mistari yote miwili inaishia kwa kina na kiitikio, ili sikio lijue linangoja nini. Kisha kila beti inakwenda zake: moja upepo, moja chai, hakuna kisa kinachoziunganisha. Mstari wa kwanza unakuacha uende mbali, wa pili unakurudisha kwenye maneno yale yale. Ukisikia “-ani” tu, moyo umeshatangulia mlangoni. Ndivyo ninavyomngoja Bahman: siku nzima nawaza mengine, jioni narudi pale pale, na kila nikirudi panauma upya.

Kiitikio si changu peke yangu. Mtu akikipenda, desturi inamruhusu kunijibu kwa kina na kiitikio hicho hicho, lakini aseme anamjibu nani. Jina la ushairi, analojiita mtunzi, katika beti ya mwisho ndilo mhuri. Langu ni Penhan. Alilifanya nini?

Ila usiende kugombana, Mama. Mimi ni karani wa posta tu, yeye ni mwenyekiti.

Bintiyo, Mahlagha

*

Shiraz, 9 Azar

Mwanangu, salamu kemkem. Mimi mzima, tena nimerudi kijana. Nilikwenda. Unamkataza nani?

Waliitikia, ndiyo. Hata jana, alipoombwa airudie. Akifika kwenye beti hii:

*Sikio limejifunza hatua za watu wote wa mtaa huu;
Zako hazimo, na chai imepoa siniani…*

ukumbi mzima, “Mlango u wazi!” kabla hajafumbua kinywa. Bibi kizee jirani yangu analia kama mtoto. Nami nikajivuna huku nimekunja ngumi. Mwanangu huyo!

Ya mwisho, mwizi alitoa Penhan akachomeka Dabiri. Hata mapigo yakachechemea. Lakini mengine aliyaacha:

*Dabiri, wakikuambia ufunge baridi kali isituingie,
Waambie mama yangu yungali pale uani, mlango u wazi.*

Nikasimama. “Bwana Dabiri, mama yako yuko ua gani? Sisi halua ya msiba wake tuliila miaka kumi iliyopita!”

Watu wakacheka. Akasema, “Dada, hiyo ni fumbo, huwezi kuelewa.”

“Sawa, mimi mjinga. Basi wewe mwerevu tuongezee beti moja, hapa hapa. Kina hicho, kiitikio hicho. Ghazali yako si inakujua?”

Mahlagha, alifuta miwani mpaka nikamwonea huruma. Akatoa mstari mmoja wa ndege bulibuli na waridi, watu wakangoja “-ani”, yeye akaangukia “-oni”. Kiitikio hakuitikia mtu.

Basi nikaisoma mimi ya kweli, yenye Penhan, kwa moyo, bila karatasi. Nilipofika kwa “mama yangu” sauti ilinikatika, wakanimalizia wao. Mzee mmoja akauliza, “Huyu Penhan ni nani?” Nikasema, “Binti yangu! Nilimzaa mimi!”

Dabiri aliondoka bila koti. Nimelitundika kwetu, akija kuomba radhi atalichukua.

Baraza linataka uisome wewe mwenyewe. Omba likizo. Shangazi zako wote wanakuja, nimeagiza mchele. Na Bahman nimemwandikia kwa anwani ile ya zamani ya Abadan. Sikuweka lawama. Nimenakili ghazali yote, na chini yake siku utakayosoma tu: Alhamisi, tarehe sita ya mwezi ujao wa Dey.

Mama yake Penhan