Kitambaa cha Kukamulia

Mama, habari za Kaaga? Huku Embu mvua haipumziki.

Leo nimepigwa picha ya jalada la kaseti yangu. Nilivaa gauni letu la kwaya la kijani, kumbe pazia la studio pia ni la kijani! Mpiga picha akacheka: "Dada, naona kichwa tu kinaelea. Na kwaya yote inavaa hivi, watu watakujuaje?"

Nikatoa kitambaa chako cha njano, kile unachojifunga ukikamua ng'ombe, nilichofungia ndizi za safari. Akanifunga kilemba kirefu. "Hiki usikivue jukwaani. Watu watamtafuta yule wa kwenye kaseti."

Basi hakirudi, Mama. Najua ng'ombe hakubali kukamuliwa bila kukiona. Nitakutumia kaseti, umwonyeshe jalada.

Nakupenda sana,
Kanana