Mgeni Hatwangi Kisamvu

Jumamosi, Masuguru, Korogwe. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nyumba yote iko kimya.

Chuo kimefungwa kwa likizo fupi. Wasichana ninaopanga nao wameenda kwao, wengine Lushoto, wengine Muheza, kila mmoja na mama anayepiga simu kuuliza umefika wapi. Mimi kwetu ni Uvira, Kongo, na mama amenikataza kurudi mpaka hali itulie. Nimebaki na jogoo wa mwenye nyumba.

Niseme ukweli: siku hizi nalala mchana ili siku iishe.

Watu hudhani kwa kuwa nazungumza Kiswahili, basi hapa Korogwe ni nyumbani. Kumbe Kiswahili changu ndicho kinachoniumbua. Nilipoanza mafunzo ya uuguzi wodini, nilimwambia bibi mmoja mgonjwa "Jambo, mama," kwa heshima zote, kama tunavyosalimia kwetu. Akageukia ukutani. Muuguzi akaniita pembeni: "Wewe, mtu mzima anaambiwa shikamoo. Huko kwenu hamfundishwi?"

Nikiteleza nikasema "batu" badala ya "watu", darasa zima linacheka. Hawacheki kwa ubaya, najua. Lakini nilianza kuyapima maneno kabla ya kuyatoa, kisha nikaona ni rahisi kutoyatoa kabisa. Wenzangu wakikaa kibarazani jioni, napita na simu sikioni, najifanya naongea na mtu.

Hakuna mtu.

Mama nikimpata hewani namwambia nina marafiki wengi. Anafurahi. Nikikata simu najichukia.

Asubuhi Mwanaidi, ninayekaa naye darasani, alipiga: "Sifa, njoo kwetu Handeni ule na sisi. Na usinipe tena habari za kichwa kuuma." Nimeshamkatalia mara nyingi mno. Sijui leo ni nini kilichonitoa kitandani. Nadhani niliuogopa ukimya kuliko ninavyowaogopa watu.

Kwao ni Chanika, Handeni mjini. Walinipokea vizuri sana, na hapo ndipo nilipoumia. Kiti chenye mto niliwekewa mimi, sebuleni, na soda na sahani ya maandazi. Wao wote wakawa uani jikoni, wanacheka kwa Kizigua. Nikainuka nikasaidie. Mama yake akanirudisha: "Kaa, mwanangu. Mgeni hatwangi kisamvu."

Nikakaa, nikaitazama televisheni iliyozimwa. Nilijiona ndani yake, mtu mmoja kwenye kiti.

Nikaenda chooni nikalia, huku namwaga maji kwa kopo wasisikie.

Nilipotoka nilikuwa nimeamua kuaga. Lakini njia inapita kwenye kinu, na Mwanaidi alikuwa anatwanga majani ya muhogo kivivu, mchi unagonga ukingo. Kwetu mboga hiyo tunaiita sombe. Nimeitwanga tangu sijaanza shule. Nikauchukua mchi mkononi mwake bila kuomba.

"Sifa, wee!"

"Muko munacheza," nikasema. "Sombe banaitwanga hivi."

Kilinitoka hivyo hivyo, Kiswahili changu chote cha Kongo. Wakaangua kicheko. Nikaisubiri aibu inishike kama kawaida, ila mikono ilikuwa na kazi, nikaendelea kutwanga. Nilitwanga kwa hasira, sijui hasira za nani. Mama Mwanaidi akaja, akachungulia kinu.

"We mtoto! Unatwanga au unapaka ukuta? Ona, nusu iko chini. Punguza nguvu, na ukimaliza ufagie hapa."

Hakusema mgeni.

Tangu niondoke kwetu sijakaripiwa hivyo, na mtu anayetaka tu mboga yake isimwagike. Nilifagia uwanja wote, hata pasipokuwa na uchafu.

Nisijidanganye, sikupona. Wakati wa kula, bibi yao alisema jambo kwa Kizigua, wote wakanitazama, na hakuna aliyenitafsiria. Nikatabasamu kama mjinga. Na nimerudi hapa Masuguru nimekuta giza, nguo nilizoanika ndani bado mbichi, simu ya mama haipatikani. Upweke umekaa palepale nilipouacha. Kuna kitu kizito kifuani ambacho somo la anatomia halikunitajia.

Ila wakati naaga, mama Mwanaidi alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Jumamosi ijayo tunakwenda shamba, Kwaluguru, kupalilia. Mikono haitoshi. Uje mapema, na uvae gambuti, kule ni matope matupu."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasubiri. Nikakumbuka, nikasema, "Shikamoo, mama." Akacheka kwa sauti: "Hiyo si ya kuagia, mwanangu. Haya, marahaba."

Gambuti sina. Sijui hata kama siku hiyo nitakuwa na nguvu za kuamka.

Kesho mvua ikikatika nitapita sokoni niulizie. Kuulizia tu.