Njoo Uone Mbuzi wa Jirani

Ganda, Malindi

Kwako mdogo wangu Mwende,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Mama je, goti lake limetulia au bado linamsumbua asubuhi? Mimi ni mzima, isipokuwa joto la huku, ambalo hata sasa halijanikubali. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kulia, na kilio hakina maelezo. Barua hii ataileta fundi mwenzangu, anakuja huko Mwingi kuwaona wazazi wake.

Ujumbe wako niliusoma wote. Umesema Mutua hakupigi, halewi, hana mwanamke wa nje, ila mnaishi kama wapangaji wawili, na mwezi ukiisha unarudi kwa mama. Hapo katikati ukataja pia habari ya nyuki. Nitaifikia, usidhani nimeipuuza.

Kwanza nikusimulie kitu nilichokiona huku, maana tangu nikione nashona sare za shule huku nikitikisa kichwa peke yangu.

Unajua nimepanga chumba kwa wazee wawili, Baba Kadzo na Mama Kadzo. Mzee ni mgema. Asubuhi na jioni hupanda minazi yake kwa vidato alivyochonga kwenye shina, akakata kidogo ncha ya karara la maua, akafunga kibuyu chini yake tembo lidondoke. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia akipaza sauti kutoka juu: "Mama Kadzo! Mama Kadzo, njoo uone!" Mimi mtu wa bara, nikajua ameteleza. Nilitoka mbio na kandambili moja mguuni, nikipiga mayowe. Nikamkuta mama amesimama chini, mwiko mkononi, ametazama juu kwa utulivu.

"Mbuzi wa jirani yuko juu ya paa," mzee akasema.

"La jikoni ama la nyumba kubwa?"

"La jikoni! Atafuna makuti."

Wakacheka. Mama akarudi kwenye sufuria yake, nami nikabaki nimeshika kifua. Nilikasirika, Mwende. Mtu kuacha wali motoni kwa ajili ya mbuzi!

Lakini kumbe ndiyo maisha yao. Kila akiwa juu, mzee ana lake: wingu, mtu amepita na baiskeli mpya, kunguru amebeba kijiko. Na kila mara mama huitikia. Si kwamba hutoka kila mara, la. Akiwa anakuna nazi husema, "Ngoja nimalize, naja," halafu kweli huja, hata kama kunguru ameshaondoka, akauliza alielekea wapi. Na mzee naye ni hivyo hivyo. Mama akikaa chini na kushusha pumzi, mzee huinua macho: "Umechoka?" Mama akianza wimbo wa kanisani, mzee hudakia ubeti wa pili, vibaya kabisa. Siku moja alikuwa amezama kwenye redio yake iliyoharibika, mama akamwambia jambo kuhusu kuku, hakusikia. Mama akaenda zake. Jioni nikamsikia mzee: "Mchana sikukujibu. Ulisemaje kuhusu kuku?" Nilisimamisha cherehani. Mtu anarudi kuokota neno lililoanguka mchana!

Nilimuuliza mama, hachoki kuitwa kwa vitu visivyo na maana?

"Mwanangu, mbuzi namjua," akasema. "Yule mzee ataka kujua kama nipo."

Basi majuzi wakagombana. Mama alitaka mzee aache kupanda, magoti yamezeeka. Mzee akasema hawezi kulishwa kama mgonjwa. Maneno yakawa makali. Mama akamwambia akianguka asitegemee machozi yake. Mzee akamwambia ameshachoka kutawaliwa na mwanamke. Asubuhi hakuna aliyemwamkia mwenzake. Mzee akachukua kisu na kibuyu, akapanda. Mama alikuwa uani akichambua mchicha, kichwa ameinamisha. Nilijifanya nafua nguo, lakini jicho langu lilikuwa mnazini, maana magoti yale niliyaona yakitetemeka kwenye vidato.

Kisha kutoka juu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, bila hata kumtaja jina: "Mvua ile kule, upande wa Magarini."

Mwende, nilishika ndoo nikasubiri. Mvua ile haikuwa na kazi na mtu. Mama angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kusema, "Si una macho, itazame mwenyewe." Mikono yake ilisimama juu ya mchicha. Hakuinua kichwa. Akasema, "Yaja huku ama yapita?"

"Yapita."

"Haya. Shuka polepole."

Akashuka polepole. Alipofika chini alikaa kwenye kinu kando ya mama, akachukua fungu la mchicha akaanza kuchambua. Baadaye akasema, kama mtu anayezungumza na majani, kwamba atamtafuta kijana wa kumpandia. Nililia juu ya nguo zangu za kufua. Nilidhani wamepatana siku ile. Kumbe kupatana kulianza zamani, mbuzi kwa mbuzi, hata hasira ilipokuja ikakuta njia ya kurudiana imeshakanyagwa.

Sasa nikawakumbuka ninyi. Nilipokuja likizo, Mutua aliingia kutoka shambani na bua moja la mhindi lenye mahindi matatu. Akaliweka mezani karibu na mkono wako, akasimama. Ukasema, "Weka huko, natazama simu." Akaliweka huko. Jioni hiyo hiyo ulisema, "Leo mgongo jamani," naye akajibu, "Kila siku mgongo." Hakuna aliyetukana. Wala mimi sikuona kitu, nilikula nikalala. Lakini mtu asiyeitikiwa hagombi, Mwende, anapunguza tu kuita. Leo hakuonyeshi mahindi, kesho humwambii mgongo unauma, na ninyi mnasema mapenzi yamekwisha, wakati kilichokwisha ni kuitana.

Sikwambii ubaki. Wewe ndiye unayelala nyumba ile. Nakuomba tu usianze na kikao cha wazee. Akisema jua leo limewaka, usimwambie unajua; muulize kama mbaazi zitastahimili. Hata "ehe" inatosha, ukiwa umeinua macho. Naye huenda asiitikie mara ya kwanza, amezoea kimya.

Nisalimie mama yetu, umwambie dawa ya goti nimemtafutia. Msalimie shangazi anayekusaidia na watoto, na mjomba wa dukani, na shemeji yangu Mutua, huyo umpe salamu kwa mkono.

Sasa nyuki. Uliniandikia kwamba wamerudi kwenye mzinga wa marehemu baba, ule aliowatundikia hapo uani kwenu, uliokaa mtupu tangu tumzike, na kwamba ulisimama chini yake asubuhi nzima ukisikiliza. Niliposoma nilihisi nywele zikisimama. Ni wengi? Wanaingia kwa tundu la zamani? Nataka kujua kila kitu.

Lakini mimi niko mbali. Umeniambia mimi, mama, na jirani. Mutua yuko hapo uani, na katika ujumbe wote sikuona mahali uliposema umemwambia. Weka barua hii chini, mdogo wangu. Toka nje umwite aje aone.

Dada yako akupendaye,
Kalekye