Mama Nekesa, Uliyeonja Asali Kwanza

Mama Nekesa,

Nimetoka kukuzika Bungoma na udongo bado uko kwenye viatu vyangu. Walioniuliza mimi ni nani niliwaambia ni mwanao wa basi.

Unakumbuka lile basi la usiku la kutoka Kitale kwenda Nairobi? Hatukuwa tumefika Moi's Bridge na kikohozi kilikuwa kimeniinamisha hadi magotini. Mtu wa nyuma akamwambia dereva aniteremshe. Wewe, mgeni wa kiti cha jirani, ukafungua dirisha na baridi yote ile, ukanipa leso nizibe mdomo, kisha ukatoa kichupa cha jemu chenye asali, maji ya tangawizi na ndimu. "Ramba, mwanangu."

Nikakataa. Siku hizo kila abiria alikuwa amesikia habari za watu waliopewa peremende safarini wakaamka hawana hata viatu. Tena baba alinifunza kwamba cha mgeni aonje mwenyewe kwanza. Nikakukodolea macho tu, mkaidi nilivyo.

Ukacheka. "Ati nitakuibia? Uko na nini ya kuibiwa, bana, na hiyo koti imeraruka?" Ukasita kidogo, ukachovya kijiko, ukaramba. Kisha ukanipa changu. "Usimeze haraka. Wacha iteleze yenyewe, na usikunywe maji saa hii."

Asali ikapaka koo, muwasho ukapungua, nikalala.

Nakuru kikohozi kikarudi. Ukaniuliza kilianza lini. Nikasema hii ni wiki ya tano, na usiku nalowa jasho. Hapo hukucheka tena.

"Asali inatuliza koo tu. Haiponyeshi mapafu. Ndugu yangu tulimpatia asali mpaka tukamzika. Enda wapime makohozi."

Niliogopa, Mama. Ningekuwa peke yangu ningetafuta asali nyingine tu. Lakini nilikuahidi, nikaenda, wakakuta kifua kikuu. Miezi minane ya dawa, na sindano mwanzoni. Nilipopata nafuu mwezi wa pili nilitaka kuacha, nikakuandikia hivyo kwa anwani uliyoniachia. Barua yako ikaja ikinigombeza kama mtoto. Nikamaliza, nikapona.

Jana kwenye matanga binti yako Nekesa aliniambia jambo. Kwamba ulikuwa na ugonjwa wa sukari tangu kabla ya safari ile, na asali ulikuwa ukiwatengenezea wengine tu, mwenyewe huigusi kamwe. Kumbe ndiyo maana ulisita! Mbona hukusema? Nililia pale jikoni, wanawake wakaacha kuosha vyombo.

Lala salama, Mama. Nimeomba kile kichupa na Nekesa amenipa. Yeyote atakayekohoa kando yangu nitamtolea, na nitamwuliza ni wiki ya ngapi. Na akinikodolea macho kama nilivyokukodolea wewe, nitaonja kwanza.

Mwanao wa basi,
Wafula