Mwalimu Jerop, Kitabu Kilifika Bila Barua Yako

Mwaka umezunguka, Mama, tangu Jumapili ile ya Oktoba 2007 ulipotuacha ukiwa umeketi, miwani usoni, chai yako bado ina moto. Presha, daktari alisema. Sisi tuliona tu mtu aliyenyamaza katikati ya shughuli zake, na wewe hukuwa mtu wa kunyamaza.

Wanaosoma gazeti hili wakujue kidogo. Ulifundisha darasa la tatu hapa Nakuru mpaka ukastaafu, na mpaka leo kuna wazee wenye vitambi wanaovuka barabara wakifika kwenye geti letu, wakikumbuka kiboko chako. Mtu akija kukusalimia ulimwuliza, "Na mikono mitupu namna hiyo?" Kisha unacheka, na anaondoka kabeba ndizi asizoweza kumaliza. Ulikuwa mkali na ulikuwa mkarimu, na hatukujua siku gani tutakutana na yupi.

Tena ulikuwa unaongea peke yako. Wageni walishtuka. Sisi tulijua unatunga barua. Uliisema kwanza kwa sauti, ukizunguka jikoni, ukirudia neno moja mpaka likae vizuri mdomoni, ndipo ukaketi na kalamu.

Barua nyingi zilikuwa za rafiki yako Madhu, mwalimu mwenzako, ambaye familia yake ilihamia Leicester, Uingereza, mimi nikiwa bado mdogo. Kila mwaka ulimchagulia kitabu kimoja. Si kitabu chochote, jamani! Ulipekua kwa wauza vitabu vya mitumba mpaka wakakuogopa. Ukikipata ulikisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha yako. Mara ya pili ulikisoma ukijifanya Madhu, na tulikusikia: "Hapa atacheka. Hapa atanikasirikia." Kikifeli mtihani wa pili ulinipa mimi. Nina rafu nzima ya vitabu vilivyofeli.

Hukuandika neno ndani yake, hata jina. Kitabu kilienda peke yake kwa posta ya polepole, na barua ya kueleza kwa nini umemchagulia hicho ilifuata baadaye. Niliwahi kukuuliza kwa nini usiviweke pamoja tuokoe stempu.

"Wewe Emmy, barua ikiwa ndani ataisoma kwanza," ulisema. "Halafu atasoma kitabu chote akitafuta nilichomwambia. Wacha akutane nacho mwenyewe. Akipiga simu kwamba kimefika, nampa wiki mbili."

Oktoba ile Madhu alipiga simu: kimefika. Ukaanza wiki zako mbili. Hukuzimaliza.

Hatukujua umeacha nini nyuma yako. Tulikuzika, tukapika, tukashukuru watu. Ikaja Januari ya moshi, ya fujo za baada ya uchaguzi, tulipolala sote sebuleni na viatu miguuni, na tukasema Mungu alikuficha mapema usiyaone. Posta ilipoamka tena Februari, kifurushi kikafika kutoka Leicester. Ndani kulikuwa na kile kitabu, kimerudishwa, na barua ya Auntie Madhu.

Alikuwa ameandika hivi: "Emmy, mtoto yangu. Mama yako alijua mimi nilizika nini. Miaka ishirini na moja hajataja mtoto wangu, hata mara moja. Halafu ananitumia kitabu cha mama aliyefiwa na mtoto. Nimefika pale anamwekea marehemu sahani mezani, nikatupa kitabu chini ya kitanda. Kwa nini alinichagulia hiki? Kama unajua, niambie. Kama hujui, usinidanganye. Barua zake zote nimetia kwenye mfuko, na sijui kama nitaweza kuziweka nyumbani kwangu."

Mama, nilikukasirikia. Nilisimama jikoni kwako nikasema kwa sauti, "Si ungetuachia hata mstari mmoja!" Tulipekua kabati, Biblia, mikoba, mifuko ya sweta zako. Hapakuwa na kitu. Rafiki yako wa maisha yote alikuwa anakaribia kukutupa, na wewe huwezi kujitetea.

Baba alitaka njia rahisi. "Mwandikie kwamba mama yako alikipenda tu. Basi."

"Amesema tusimdanganye, Baba."

"Sasa utaandika nini? Wewe ulikuwa kichwani mwake?"

Sikuwa. Nikafanya kitu pekee ulichonifundisha: nikakisoma. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya yule mama wa sahani, na nikaanza kukuogopa. Mtu gani humpelekea rafiki yake kidonda chake mwenyewe? Mara ya pili nilikisoma kama wewe, nikimtafuta Madhu kila ukurasa. Sikumpata pengine popote isipokuwa kwenye hiyo sahani. Nikafunga kitabu. Nilikaribia kumwandikia kwamba sijui.

Aliyenifungua ni Naliaka, aliyekusaidia kazi za nyumbani. Tangu ufe alikuwa hataki kuingia jikoni peke yake. Nilimbembeleza aniambie kuna nini, akaficha uso kwa kanga.

"Dada Emmy, zile siku za mwisho Mwalimu alikuwa anaita mtu. Mchana kweupe. Anasimama pale kwa sinki anasema, 'Vipul.' Anangoja. Anasema tena, 'Vipul.' Pole pole, hivi, kama mtoto yuko mlangoni. Mimi nilijua ameshaanza kuona wafu."

Vipul ni jina la mtoto wa Auntie Madhu. Alikufa akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo.

Nilipomwambia Baba, alikaa kwenye kiti kama amesukumwa. Ndipo akatoa kitu ambacho hakuwa ametuambia. Vipul alikuwa darasani kwako. Ulimwita kwenye rejista kila asubuhi. Wiki ile baada ya msiba ulifika penye jina lake, ukaliruka, ukaendelea na la chini, na ulirudi nyumbani ukashindwa kula. "Na sisi wote tulimfuata," Baba alisema. "Zamani yule mama hakuitwa Madhu. Nani alimjua kwa jina hilo? Alikuwa Mama Vipul, mtaa mzima. Mtoto alipokufa tuliona jina litamuumiza. Tukaliacha, bila hata kukubaliana."

Nikarudi kwenye kitabu, Mama, mara ya tatu. Safari hii sikumtafuta Madhu. Nilikutafuta wewe. Na ulikuwepo.

Hii ndiyo barua niliyomwandikia. Nilifuata njia yako: kitabu kilipatikana wapi, kwa nini yeye, aangalie ukurasa gani, ubaya wa kitabu ni upi, na ruhusa ya kukiacha.

"Mpendwa Mama Vipul,

Kitabu hiki Mama alikipata kwa muuza mitumba karibu na soko, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Alirudi nacho amekikumbatia na hakutuonyesha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mimi si yeye. Hakuacha barua, kwa hiyo nakuandikia ninachoamini, si ninachojua.

Siamini kwamba alikuchagulia kwa ajili ya mama wa sahani. Yule tayari unamjua, na Mama hakuwahi kukutumia kitu unachokijua. Nadhani alitaka ukutane na jirani. Ni yule anayekuja kila jioni, anazungumza habari za mvua na bei ya mbuzi, anaona sahani ya tatu mezani na hasemi kitu. Mara ya kwanza nilimwona mjinga tu. Soma tena anavyoondoka: kila mara anafika kwenye geti na kusimama, na mwandishi hasemi kwa nini. Nadhani huyo jirani ni Mama.

Uliacha kusoma kwenye sura ya nne. Nakuomba uruke uende sura ya kumi na moja, pale jirani anarudi kutoka kwenye geti. Sitakuambia anachosema. Nakuambia tu kwamba wiki ya mwisho ya maisha yake, Mama alisimama jikoni akilitamka jina la mtoto wako, tena na tena. Hapa nyumbani tunajua maana yake. Hivyo ndivyo alivyoanza kila barua.

Ubaya wa kitabu: sura za katikati ni ndefu, na mume wa yule mama ameandikwa ovyo kabisa. Mama angekuambia uzipitie haraka.

Na kama huwezi, usisome. Kiweke chini. Hakuna atakayekuuliza."

Niliviweka pamoja, barua na kitabu, kwenye bahasha moja. Najua, Mama. Nisamehe kwa hilo, lakini wiki mbili zako zilishatugharimu vya kutosha.

Kisha tukangoja. Tulikuwa tunaishi na wewe, hilo sitaficha. Baba alikuwa akipita jikoni anapunguza mwendo, anasikiliza. Kaka yangu Kibii akija kutoka kazini Olkaria aliwasha redio kabla ya kuvua viatu. Nami nikiosha vyombo pale kwa sinki nilijisikia nimesimama mahali pa mtu mwingine, na mtu huyo hajamaliza. Nilikuwa nawaza kama nimekutilia mdomoni maneno ambayo si yako, na kama hiyo sauti iliyobaki nyumbani ni wewe unayenisahihisha.

Juni simu ililia. Nikapokea.

"Emmy? Ni mimi. Mama Vipul."

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Umenisikia? Nimesoma ile ya kwenye geti, jirani anavyotaja jina la mtoto. Nimesoma mara nyingi." Akapumua. "Mama yako alikuwa mwoga sana, wewe."

"Ndiyo, Auntie."

"Mimi pia. Ningeweza kusema jina mimi kwanza. Nilikuwa nangoja yeye, na yeye anangoja mimi. Wajinga wawili, stempu zote hizo!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka. Nilimwacha alie, nami nikalia upande huu. Baadaye akasema, "Nipe mzee wako."

Alimwomba Baba amwambie chochote anachokumbuka kuhusu mtoto, chochote kile. Baba akakuna kichwa. Akasema kwamba ulirudi nyumbani siku moja ukilalamika kuwa Vipul anakula chaki, na si za rangi, nyeupe tu, na ulipomkemea alikujibu kwamba za rangi ni za Jumamosi. Auntie hakuwa anaijua hiyo. Alimfanya Baba airudie.

Tangu siku hiyo anapiga kila Jumamosi. Barua zako zimetoka kwenye mfuko.

Kama hivi sivyo ulivyotaka kuandika, Mama, hatutajua kamwe, na tutaishi hivyo. Jikoni hapajanyamaza. Tumeacha kupaogopa, ila hatujaacha kusikiliza.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo Hezekiah, wanao Emmy na Kibii, dada zako Chelagat na Jepchumba, Naliaka, aliyekusikia; na wa mwisho, kwa ombi lake mwenyewe, jina likiwa kamili kama alivyotuelekeza kwenye simu na akatutaka tumsomee tena kabla ya kulipeleka gazetini: rafiki yako, Mama Vipul, wa Leicester.

Hatutakusahau, Mama, hata siku tukijaribu.