Baba Ameambiwa Anioze kwa Mdomo Wake

Shoga, acha unachofanya usome hii. Natoka sebuleni kwetu sasa hivi.

Nimewaambia wazee wangu ndoa inafungwa mara moja tu. Padri mwenyewe alishasema viapo vya ndoa havirudiwi, eti huku kwa sheikh na tena kule altareni. Askofu ametoa ruhusa, tunafunga nikahi kwa sheikh, padri anakuja kutuombea basi. Mimi sisilimu, mwenzangu habatizwi.

Shangazi akadakia, "Unataka kumuua bibi yako kwa presha." Bibi mwenyewe amekaa palepale anakunywa chai. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa sheikh anataka walii, yaani mzee wa kuniozesha, na amekubali awe baba, na Ukristo wake hivyohivyo. Atamke mbele ya mashahidi wawili kwamba ananioza. Baba akasema, "Mimi sitamki."

Hatamki. Baba yangu mimi.

Nikamwambia, "Sawa baba. Ukikataa, kadhi atasimama mahali pako, kama vile sina mtu. Ndoa iko palepale. Ila atakayeniuliza, nitamwambia baba yangu alikuwepo, mzima wa afya."

Shangazi kaachama.

Bibi ndiye aliyeweka kikombe chini, akamwangalia mwanawe. "Siku ya ndoa yangu kanisani, baba yangu alinisindikiza tu, hakuna aliyemuuliza neno. Wewe unaulizwa, halafu unakataa?"

Akanigeukia. "Mimi niwekee kiti cha mbele. Nataka nimsikie vizuri."